Hotuba niliyowapa vijana Jumamosi: ukishampa mwenzio paswedi, kuibadili peke yake hakumtoi ndani

Fundi wa Ngamiani (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi simu hapa Tanga, kibanda changu kipo Ngamiani. Jumamosi iliyopita klabu ya vijana ya mtaani kwetu waliniita nizungumze nao juu ya kupeana paswedi na marafiki na wapenzi. Walifika kama thelathini hivi, wengi wa miaka 16 mpaka 22, tukakaa chini ya mwarobaini baada ya mazoezi ya mpira. Wawili kati yao wakaniomba niandike niliyosema wawapelekee wenzao. Nimeandika karibu sawa na nilivyoongea. Palipo na kosa nirekebisheni, maana baada ya wiki mbili nimeombwa nirudie kwa vijana wa Pongwe.

Hotuba yenyewe:

Wadogo zangu, leo sizungumzii wezi wa mtandaoni wasiojulikana. Simu nyingi zinazoletwa mezani kwangu na mtu anayelia kwamba amedukuliwa, aliyeingia ni mtu anayemjua kwa jina, na ufunguo alimpa mwenyewe kwa mkono wake. Kwa hiyo nitawaeleza visa viwili tu nilivyovishika, cha mpenzi na cha marafiki. Wenyewe wameniruhusu nivisimulie bila majina.

Kisa cha kwanza ni cha binti mmoja. Alikuja asubuhi sijamaliza hata kupanga meza, akaiweka simu kioo kikiangalia chini, akawa anaongea kwa kunong'ona kama vile ile simu inamsikiliza. Akaniambia, "Kaka, humu ndani kuna kitu kimewekwa. Futa kila kitu." Alikuwa ameachana na kijana wake miezi miwili nyuma. Kijana bado anamtumia ujumbe unaoonyesha anajua mambo yake: jana Raskazone ulikuwa na nani, kwa nini umemwambia shoga yako hivi na hivi. Nikamuuliza kama yule kijana anazijua paswedi zake. Akasema, "Alikuwa anazijua. Nimeshabadilisha mara tatu."

Tukakaa na ile simu karibu saa nzima. Kirusi sikukiona, programu ngeni sikuiona. Nilichokiona ni milango mitatu iliyokuwa wazi tangu enzi za mapenzi, na hakuna hata mmoja uliokuwa ukifungwa sawasawa na kule kubadili paswedi.

Mlango wa kwanza ulikuwa WhatsApp. Nilibonyeza vile vidoti vitatu vya juu, nikaingia `Linked devices`. Pakatokea kifaa kimoja: `Google Chrome (Windows)`, kimetumika mara ya mwisho siku ileile saa moja na dakika arobaini asubuhi. Binti hana kompyuta, hajawahi kuwa nayo. Ndipo akakumbuka kwamba kuna siku kijana alimwomba simu kidogo, naye kwa kuwa namba ya kufungulia kioo alishampa, hakuuliza. Kuskani ile picha ya miraba kwenye kompyuta hakumalizi hata dakika. Na WhatsApp haina paswedi ambayo ukiibadili wote waliomo wanatolewa. Kifaa kilichounganishwa kinaendelea kusoma mpaka ukitoe wewe, au simu yako ikae zaidi ya siku 14 bila kutumika. Nani hapa anaweza kukaa siku 14?

Mlango wa pili ulikuwa ramani. Walipokuwa pamoja walikubaliana waonyeshane walipo, wakachagua iwe mpaka mmoja atakapozima. Hakuna aliyezima. Hii ni ruhusa uliyoipa akaunti ya mwenzio, haiendi kwa paswedi yako. Hata ungeibadili paswedi kila siku, yeye anafungua ramani kwenye simu yake mwenyewe na kukuona ukishuka daladala.

Wa tatu ndio mbaya kuliko yote. Akaunti yake ya Gmail alifunguliwa na yule kijana siku aliponunua simu, na mahali pa kuweka barua pepe ya kurudishia akaunti kijana aliweka ya kwake. Maana yake ni kwamba kijana akibonyeza "nimesahau paswedi", kodi inakwenda kwake. Sasa sikilizeni. Binti aliniambia kuna usiku simu ilimdai paswedi, akaweka ile mpya ikakataa, akadhani ameisahau, akairudisha kwa kodi iliyokuja kwenye laini yake. Hakuwa amesahau. Kijana alikuwa ameibadili kutoka upande wake. Wiki nzima walikuwa wanavuta kamba juu ya akaunti moja, binti akijilaumu kwamba kichwa chake kibovu.

Mnaona kilichotokea? Alipompa paswedi alidhani ametoa neno moja, na neno hubadilishwa. Kumbe alitoa nafasi ya kukaa ndani, na aliyekaa ndani hata kwa siku moja anaweza kujifungulia mlango wake mwingine usioujua.

Kisa cha pili ni cha vijana wanne marafiki wa damu. Mmoja wao alikuwa na akaunti ya Facebook yenye watu wengi, wakawa wanaitumia wote kutangaza mechi zao na kuuza jezi. Paswedi wanaijua wote wanne. Siku moja mjomba wa mwenye akaunti, yupo Muheza, akapokea ujumbe: "Mjomba nimekwama, nitumie elfu arobaini kwenye namba hii, simu yangu imezima." Mjomba akatuma. Namba ilisajiliwa kwa jina la mtu wasiyemjua.

Walikuja kwangu wote wanne, kila mmoja anaapa. Nikafungua orodha ya mahali akaunti ilipoingiliwa. Zilikuwepo simu tano. Nne zao, na ya tano ni ya binamu wa mmoja wao, ambaye naye alipewa "atupostie tangazo". Aliyeandika ule ujumbe hakujulikana mpaka leo. Ile orodha inakuonyesha simu zilizoingia, haikuambii ni kidole cha nani kilichoandika. Mwenye akaunti alilipa ile elfu arobaini, na mjomba mpaka sasa anaamini ni yeye. Angekuwa peke yake mwenye paswedi, simu ngeni ingeonekana mara moja. Kwa kuwagawia wenzake alijiondolea uwezo wa kusema "si mimi" akaaminiwa, na wale watatu nao, ambao pengine hawana kosa, wamebaki wanatazamana kwa jicho la pembeni. Timu imevunjika.

Mtaniuliza: sasa mtu akikwambia, kama unanipenda nipe paswedi? Nawashauri kitu kimoja nilichoona kinafanya kazi. Kaa naye, fungua mwenyewe, mwonyeshe unachotaka kumwonyesha, funga. Kuonyesha na kukabidhi ni mambo mawili tofauti. Na umwambie kilicho kweli, kwamba humo ndani hamna siri zako peke yako. Mna ujumbe wa dada yako anayeumwa, mna mambo ya rafiki aliyekulilia usiku. Wao hawakumpa ruhusa.

Hapo nikamaliza, tukaanza kufungua simu mmoja mmoja. Karibuni.

---

Msafiri wa Usambara

Kaka umeeleza vizuri ila umezungusha. Mtu akibadili paswedi, vifaa vyote vinatolewa, mambo yamekwisha. Mimi nilibadili ya Gmail mwaka jana, laptopu yangu ya kazini ikanitoa palepale. Huyo binti alikosea tu mahali.

---

Nyota ya Sahare

Msafiri, uko sahihi nusu. Nafanya kazi ya mifumo, ngoja niongezee.

Google ukibadili paswedi inatoa karibu vifaa vyote, hilo umeliona mwenyewe. Lakini baadhi hubaki: kile ulichokuwa unakitumia kuthibitisha kwamba ni wewe, na baadhi ya vifaa vyenye programu za kampuni nyingine ulizoziruhusu kuingia kwenye akaunti. Facebook inakuuliza, unataka vifaa vingine vitolewe au vibaki. Watu wengi wana haraka, wanabonyeza kile cha kubaki. WhatsApp, kama mleta uzi alivyosema, ni habari nyingine kabisa. Kwa hiyo "nimebadili paswedi" kwenye programu tatu ina maana tatu.

Mleta uzi, kuna jambo moja la kuongeza ukienda Pongwe, kwa sababu linawaponza hata wanaojua. Ukibadili barua pepe au namba ya kurudishia akaunti ya Google, ile ya zamani haifi siku hiyohiyo. Kwa siku 7 Google bado inaweza kutoa nafasi ya kutuma kodi kule kwa zamani. Wameweka hivyo ili mwizi akikubadilishia, nawe upate muda wa kuirudisha. Lakini kwa kisa cha huyo binti, ulinzi huo ndio unaomsaidia yule kijana. Kwa hiyo wiki ile ya kwanza asilale. Akiona ujumbe kwamba kuna mtu anajaribu kuingia, asiupuuze.

Na mpangilio una maana. Ukianza na paswedi wakati barua pepe ya kurudishia bado ni ya kwake, unampa taarifa kwamba umeshtuka, na yeye anairudisha kabla hujafika hatua ya pili. Anza kutoa barua pepe yake na namba yake kwenye sehemu ya kurudishia, kisha ubadili paswedi, kisha uingie kwenye orodha ya vifaa na kutoa usivyovijua, kisha uweke uthibitisho wa hatua mbili. Mwisho kabisa, fungua mipangilio ya Gmail kwenye kompyuta, sehemu ya `Forwarding and POP/IMAP`, uangalie kama barua zako hazitumwi kwenye anwani nyingine. Nimekuta hiyo mara mbili. Barua ikiwekewa njia ya kupelekwa kwingine, inaenda bila mtu kuingia tena kwenye akaunti, na kwenye orodha ya vifaa huoni kitu.

---

Fundi wa Ngamiani

Nyota, asante sana. Hilo la siku 7 sikulijua. Sasa naelewa kwa nini yule binti alirudi siku ya nne akasema imemdai tena uthibitisho. Nilimwambia ni mtandao tu. Nitampigia kesho asubuhi nimwambie ukweli.

Hiyo ya barua kupelekwa kwingine nayo sikuiangalia, kwa sababu nilitumia simu yake na kwenye programu ya simu sikuona pa kuingilia.

---

Baba Wawili

Samahani wakuu, nina swali. Jirani yangu nimempa paswedi ya waifai ya nyumbani, mwaka wa pili sasa. Anaweza kusoma meseji zangu?

---

Nyota ya Sahare

Baba Wawili, hiyo ni paswedi ya mtandao wa nyumbani, haimfungulii akaunti zako. WhatsApp na benki zinafunga ujumbe kabla haujatoka kwenye simu. Atakumalizia kifurushi, na akifanya uhalifu kupitia mtandao wako polisi wataanzia kwako. Ibadilishe ukiona umeshawapa wengi, lakini mada yetu hapa ni nyingine.

---

Dada wa Steshenari

Mimi nimesoma hii nikaingiwa na baridi, na nitasema kwa nini.

Nina steshenari karibu na shule ya sekondari. Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, vijana wanajaa kuomba vyuo na mkopo. Wengi hawana barua pepe. Tunawafungulia sisi, paswedi tunaweka sisi, na kwa sababu laini ya mtoto mara nyingi haina salio au simu kaiacha nyumbani, namba ya kurudishia tunaweka ya ofisi. Nina kaunta buku hapa mbele yangu. Jina, barua pepe, paswedi. Kurasa na kurasa. Nyingine ni za miaka mitatu nyuma. Na karibu zote paswedi ni jina la mtoto na mwaka.

Sijawahi kumwibia mtu. Lakini nina kijana wa kunisaidia, na kabla yake alikuwepo mwingine, ambaye aliondoka tukiwa hatuelewani. Yule alilishika hili buku kila siku.

Nifanye nini nalo? Nikilichoma, mtoto akisahau paswedi si atapoteza nafasi ya chuo, maana namba ya kurudishia ni yangu?

---

Fundi wa Ngamiani

Dada, nimefurahi umelisema wazi. Usilichome kabla ya kuwapigia. Wenye namba kwenye buku wapigie, waje na simu yao, mbadilishe namba ya kurudishia iwe yao kwanza, paswedi waiandike wenyewe wewe ukiwa umegeuka. Jina likishafanyiwa hivyo likate kwa wino mpaka lisisomeke. Kwa wanafunzi wapya anza na laini ya mzazi iliyopo hewani, kodi iende kwa mzazi.

Wale usiowapata sina jibu zuri. Nyota labda ana wazo.

---

Nyota ya Sahare

Sina wazo zuri pia. Kwa wasiopatikana ningefungia buku kwenye kabati lenye kufuli na kuwaacha hivyo. Ukibadili paswedi zao bila wao kujua utawafungia nje, na hapo utakuwa umewadhuru kwa nia njema.

---

Mpenda Haki TZ

Nasoma sheria, mwaka wa tatu. Fundi, wasomee vijana na upande huu.

Wengi wanadhani kwa kuwa "alinipa paswedi mwenyewe" basi hana kesi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imetenganisha mambo mawili. Kifungu cha 4 kinahusu kuingia kwenye mfumo bila ruhusa. Kifungu cha 5 kinahusu aliyeruhusiwa, muda wake ukaisha, akabaki ndani kwa makusudi. Huyo kijana wa Chrome na Windows nadhani anaangukia hapo pa pili. Alipewa nafasi wakati wa mapenzi, mapenzi yakaisha, akabaki.

Ugumu upo kwenye ushahidi. Muda uliisha lini? Kama binti hakuwahi kumwambia kwa maandishi "usiingie tena kwenye akaunti zangu", kijana atasema hakujua. Ujumbe mmoja mfupi wenye tarehe unasaidia sana.

Na kabla ya kukitoa kile kifaa kwenye orodha, piga picha ya kioo. Fundi, ulipiga?

---

Fundi wa Ngamiani

Sikupiga. Nilikitoa palepale, na binti akashangilia. Ushahidi wenyewe ndio niliufuta kwa kidole changu.

---

Bi Mwajuma wa Jamii

Wanangu, nimewasoma wote. Mimi si mtu wa mitambo, ni mfanyakazi wa ustawi wa jamii, na nina jambo ambalo naona mnalipita haraka.

Mnasema toa kifaa, badili, funga, tuma ujumbe wa kumkataza. Kwa kijana mwenye wivu wa kawaida ni sawa. Lakini wapo wanaopiga. Mwanaume aliyezoea kuona kila kitu, siku anapokuta giza anajua amefungiwa, na siku hiyo ndiyo nimeona wasichana wakifuatwa mpaka mlangoni. Nimeshuhudia hilo zaidi ya mara moja.

Kwa hiyo fundi, akija binti na shida kama hiyo, kabla ya kugusa simu muulize: huyu mtu amewahi kukupiga au kukutishia? Anajua unapolala? Akisema ndiyo, usianze na simu. Mwambie kwanza alale kwa ndugu, amweleze mtu mzima mmoja anayemwamini, apite Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi. Mashauri yake ayafanyie kwenye simu ya mtu mwingine, kwa akaunti ambayo yule hajawahi kuigusa. Akiwa mtoto wa chini ya miaka 18, apige 116, ni bure. Milango afunge akiwa mahali salama.

Na ile ramani, wakati mwingine ni bora izimwe akiwa ametulia mahali pa kawaida, si akiwa njiani kwenda kujificha.

---

Fundi wa Ngamiani

Bi Mwajuma, shikamoo. Nimekuelewa. Yule wangu sikumuuliza kabisa. Nilimwona na simu, nikashika simu. Naandika swali lako kwenye karatasi nilibandike juu ya meza.

---

Mkaa Kisauni

Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu shida si barua pepe sana, ni namba ya siri ya pesa. Nilimpa mpenzi wangu namba yangu awe akinitolea pesa nikiwa kazini bandarini. Hakuiba hata shilingi ya salio. Alichukua mkopo wa simu kwa jina langu, akatuma kwa mamake, akidhani nitaelewa tukionana. Mimi nilijua pale pesa yangu iliyofuata ilipoingia na kukatwa palepale. Tuliachana, deni nikalilipa mimi. Ukimpa mtu namba ya siri humpi kilichomo pekee, unampa na jina lako akakope nalo. Nilidhani akaunti haina kitu, kwa hivyo hakuna cha kuhofia.

---

Msafiri wa Usambara

Basi tumieni alama ya kidole. Kidole hakigawiwi.

---

Nyota ya Sahare

Kinagawiwa, Msafiri. Watu wengi wameandikisha kidole cha mpenzi wao kwenye simu ili "naye awe anafungua". Simu haijui kidole kipi ni cha mwenye nyumba na kipi ni cha mgeni. Kama kidole chake kilikuwemo kabla hujaiambia programu ya benki itumie alama ya kidole, basi kidole chake kinaifungua benki. Angalia kwenye mipangilio ya usalama vipo vidole vingapi. Kama hukumbuki kipi ni cha nani, futa vyote na uandikishe upya vyako.

---

Mzee Chumbageni

Nimeoa miaka 24. Mke wangu anazijua namba zangu zote, na mimi za kwake. Juzi nililazwa siku sita, yeye ndiye aliyelipa hospitali kwa simu yangu. Mnataka kuniambia nilikosea? Naona mnawafundisha watoto kuishi kwenye ndoa kama wapangaji.

---

Fundi wa Ngamiani

Mzee wangu, shikamoo. Sikusema hivyo, na kwa watu kama nyinyi sina neno. Wale niliozungumza nao wanachumbiana miezi mitatu, wakiachana wanahama na paswedi. Ningeomba tu kwamba namba ya pesa na barua pepe zisiwe katika hesabu moja. Ya pesa mama alihitaji siku ile. Barua pepe hakuihitaji.

---

Mpenda Haki TZ

Mzee, mimi nitakupinga kidogo kwa heshima. Ukiwa hai na umelazwa, mama akitumia simu yako mnaelewana. Siku Mungu akikuchukua, pesa iliyomo ni mali ya marehemu na inaingia kwenye mirathi. Mama akiitoa kwa namba ya siri ili anunue sanda, ndugu zako watasema amekwapua. Nimesoma kesi za familia zilizogombana kwa vitu vidogo kuliko hivyo. Akaunti yenye majina mawili benki ingemlinda kuliko namba aliyoikariri.

---

Mzee Chumbageni

Mwanangu, ndugu zangu nawajua na wananijua. Bado nasimama niliposimama. Lakini la akaunti ya majina mawili nitalizungumza naye leo jioni.

---

Kijana wa Mwarobaini

Mimi ni mmoja wa waliokuwepo Jumamosi. Sikuuliza pale kwa sababu mpenzi wangu alikuwa amekaa nyuma yangu.

Nimefungua `Linked devices` sasa hivi. Vipo viwili. Kimoja ni laptopu ya shule, nakijua, nilisahau kutoka. Kingine ni `Google Chrome (Mac OS)`, kimetumika jana usiku saa tano. Mpenzi wangu hana kompyuta. Mwenye kompyuta ya aina hiyo mtaani ni kaka yake. Hajawahi kunitishia wala kunipiga, na sitaki kumtuhumu mtu bure.

---

Fundi wa Ngamiani

Mdogo wangu, usimtuhumu na usimwambie bado. Piga picha ya hicho kioo, ionekane aina ya kifaa na saa. Itume kwa mtu mmoja unayemwamini, si kwa kundi. Kisha gusa hicho kifaa, bonyeza kukitoa, na uweke ile namba ya siri ya tarakimu sita ya WhatsApp, kwenye `Two-step verification`. Hiyo haizuii mtu mwenye simu yako mkononi kuskani upya. Inazuia tu namba yako isiandikishwe kwenye simu nyingine. Kwa hiyo badili na ya kioo pia, uangalie na vidole vilivyoandikishwa.

Baada ya hapo ichunguze ile orodha kila siku kwa wiki moja. Kikirudi, basi kuna anayeishika simu yako ukiwa umelala au unaoga, na hapo utajua pa kuanzia kuuliza. Kesho nafungua saa mbili, njoo na simu yenyewe tuangalie na ramani.

---

Kijana wa Mwarobaini

Nimepiga picha, nimekitoa. Ramani nimeiangalia mwenyewe, inawaonyesha nilipo mpenzi wangu na kaka yake, wote wawili. Kaka yake sikumbuki kabisa kumruhusu. Nakuja saa mbili.